Fungu la Kati Linapotoweka

Mwanafunzi wa kidato cha pili anapewa (x + 3)² na kuambiwa afungue mabano. Hasiti. Anaandika x² + 9, anapiga mstari chini ya jibu na kuhamia swali linalofuata. Mwandiko ni safi, alama zimekaa mahali pake, na jibu ni kosa. Lilitakiwa kuwa x² + 6x + 9. Amekosea fungu moja tu, lile 6x la katikati, na ukilitazama jibu lake kwa haraka unaweza kudhani ni upungufu mdogo, wa aina ya kusahau nukta mwishoni mwa sentensi.

Si upungufu mdogo. Weka namba mahali pa x uone. Tuseme x ni 2. Ndani ya mabano tunapata 2 + 3, yaani 5, na 5 mara 5 ni 25. Jibu la mwanafunzi linatoa 4 + 9, yaani 13. Karibu nusu ya thamani imepotea. Ukiweka x kuwa 10, jibu sahihi ni 169 na la mwanafunzi ni 109. Pengo limefika 60. Kadiri x inavyokua ndivyo pengo linavyozidi kupanuka, kwa sababu kilichoachwa ni 6x, na 6x hukua pamoja na x.

Mwalimu yeyote wa hesabu, awe Tanga, Kisumu au Bukavu, analijua kosa hili. Analisahihisha Jumatatu na kulikuta tena Ijumaa, kwenye daftari la yule yule aliyeitikia kwa sauti kwamba ameelewa. Ung'ang'anizi huo ndio unaolifanya listahili kuchunguzwa. Uzembe hubadilikabadilika: leo mtu anasahau hiki, kesho kile. Kosa linalorudi kwa sura ile ile kwa watu wasiofahamiana lina mantiki yake, na mantiki hiyo inatokana na mambo ambayo mwanafunzi alifundishwa sawasawa kabisa.

Jambo la kwanza alilofundishwa ni kwamba 2(x + 3) ni 2x + 6. Namba iliyo nje ya mabano inamgusa kila mmoja aliye ndani. Jambo la pili ni kwamba (3x)² ni 9x²: kipeo kilicho nje kinamgusa 3 na kinamgusa x. Yote mawili ni kweli. Sasa anakutana na (x + 3)². Kuna mabano, kuna vitu viwili ndani, kuna alama nje. Macho yanaona umbo lile lile, na mkono unafanya kilekile: kipeo kwa x, kipeo kwa 3, kazi imekwisha. Amechukua kanuni mbili za kweli na kuzivusha hadi mahali ambapo hazina nguvu.

Kwa nini (3x)² inakubali na (x + 3)² inakataa? Kipeo cha pili ni agizo fupi: kilichomo kizidishwe kwa chenyewe. (3x)² ni 3 mara x mara 3 mara x. Hapo ndani mna kuzidisha tu, na katika kuzidisha mpangilio haujalishi, kwa hiyo tunazikutanisha 3 mbili kupata 9, na x mbili kupata x². Lakini (x + 3)² ni (x + 3) mara (x + 3). Hapa kuna kujumlisha ndani ya kila bano. Kila mmoja wa bano la kwanza lazima azidishwe na kila mmoja wa bano la pili, na hao ni wawili kwa wawili, kwa hiyo mazidisho ni manne: x mara x, x mara 3, 3 mara x, na 3 mara 3. Yanaleta x², 3x, 3x na 9. Mwanafunzi wetu alifanya zidisho la kwanza na la mwisho. Mawili ya katikati hakuyafanya kabisa.

Wanafunzi waliosoma shule za msingi Tanzania wana MAGAZIJUTO vichwani mwao: mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Mabano huja kwanza. Mtoto wa darasa la sita akipewa (2 + 3)² hatakosea, maana anamaliza mabano kwanza, anapata 5, kisha anazidisha 5 kwa 5. Tatizo linaanza siku namba moja inapogeuka kuwa herufi. x + 3 haimalizikii popote. Haiwezi kufupishwa kuwa kitu kimoja. Utaratibu uliokuwa ukimlinda unakwama mlangoni, naye hutafuta njia nyingine ya kuingia. Njia iliyo karibu zaidi ni kugawa kipeo. Ndiyo maana mtu yule yule anaweza kupata 25 kwa namba na x² + 9 kwa herufi, ndani ya dakika tano, bila kuona kwamba majibu yake mawili yanapingana.

Lililo bora ni kulitoa jambo hili kwenye alama na kuliweka ardhini. Chukua kiwanja cha mraba chenye upande wa mita 20. Eneo lake ni mita za mraba 400. Mwenye kiwanja ananunua ardhi ya jirani ili kila upande ufike mita 25, na kiwanja kibaki mraba. Eneo jipya ni 25 mara 25, yaani 625. Je, ameongeza nini? Kosa la kipeo lingesema amepata 20² na 5², yaani 400 na 25, jumla 425. Chora kiwanja hicho kwenye karatasi na hesabu hiyo inaanguka mara moja. Kiwanja cha zamani kimekaa pembeni. Upande wa mashariki kuna ukanda wa mita 20 kwa 5, ambao ni 100. Upande wa kaskazini kuna ukanda mwingine wa mita 20 kwa 5, nao ni 100. Kwenye kona, pale kanda mbili zinapoacha nafasi, kuna kimraba cha mita 5 kwa 5, ambacho ni 25. Jumla ya 400, 100, 100 na 25 ni 625.

Anayeandika 425 ameuhesabu uwanja wa zamani, akakihesabu na kile kimraba kidogo cha kona, kisha akaziacha kanda mbili zinazoviunganisha. Kimraba kimebaki peke yake, kikigusana na kiwanja cha zamani kwenye ncha moja tu. Mchoro huo unaonyesha pia kwa nini fungu la kati lina 2 ndani yake. Kanda ni mbili, moja kila upande. Kuna wanafunzi wanaokumbuka kwamba katikati pana kitu lakini huandika x² + 3x + 9. Hao wamenunua ardhi ya mashariki wakasahau ya kaskazini.

Mchoro huu una umri mkubwa. Euklidi, aliyefanya kazi Aleksandria nchini Misri karibu miaka 300 kabla ya Kristo, aliuweka katika kitabu cha pili cha Elementi zake, kwenye kauli ya nne. Hakuwa na x wala kipeo cha kuandika juu ya herufi. Alisema kwa maneno: ukiukata mstari mahali popote, mraba uliojengwa juu ya mstari mzima ni sawa na miraba miwili iliyojengwa juu ya vipande vyake, pamoja na mara mbili ya mstatili unaofanywa na vipande hivyo. Mara mbili ya mstatili ndiyo kanda zetu mbili.

Na kutoa je? (x − 3)² huzaa makosa ya aina mbili. Wengine huandika x² − 9, wengine x² + 9. Kiwanja kinajibu hapa pia. Mwenye mita 20 kwa 20 anataka kukipunguza kibaki mita 15 kwa 15. Anakata ukanda wa mita 5 upande wa mashariki, urefu wake wote mita 20, eneo 100. Anakata mwingine upande wa kaskazini, nao anauhesabu kwa urefu wote wa mita 20, eneo 100. Lakini kona ya mita 5 kwa 5 iko ndani ya kanda zote mbili, kwa hiyo ameitoa mara mbili. Lazima airudishe mara moja. 400 kutoa 100, kutoa 100, kujumlisha 25, inabaki 225, na 15 mara 15 ni 225. Ndiyo sababu katika x² − 6x + 9 fungu la mwisho lina alama ya kujumlisha ingawa ndani ya mabano palikuwa na kutoa. Mwanafunzi aliyeiona kona ikikatwa mara mbili hana haja ya kukariri alama hiyo.

Hadi hapa mtu anaweza kusema: sawa, jibu limepungua, lakini linakaribia. Tatizo hasa linaonekana pale mabano yanapokuwa ndani ya mlinganyo, na hakuna mfano unaolidhihirisha vizuri kuliko swali moja la Wachina wa kale. Limo katika kitabu kinachoitwa Sura Tisa za Sanaa ya Hesabu, kilichokusanywa wakati wa utawala wa Han na kufafanuliwa na mwanahisabati Liu Hui mwaka 263. Sura ya tisa ya kitabu hicho inahusu pembetatu zenye pembe mraba. Swali lenyewe ni hili: kuna bwawa la mraba lenye upande wa chi 10, chi ikiwa kipimo chao cha urefu. Katikati ya bwawa umeota unyasi mmoja, nao umechomoza juu ya maji kwa chi 1. Unyasi ukivutwa kuelekea katikati ya ukingo mmoja, ncha yake inagusa ukingo sawasawa na maji. Kina cha maji ni kiasi gani, na unyasi una urefu gani?

Kiite kina cha maji h. Unyasi una urefu wa h + 1, kwa kuwa umechomoza chi moja. Ukivutwa unalala mshazari, kutoka kwenye mzizi wake hadi ukingoni. Kutoka katikati ya bwawa hadi ukingo ni chi 5. Basi tuna pembetatu yenye pembe mraba: upande mmoja ni 5, mwingine ni h, na ule mrefu unaokabili pembe mraba ni h + 1. Kanuni ya Pithagora inasema 5² + h² = (h + 1)², yaani 25 + h² = (h + 1)².

Mpe sasa mwanafunzi wetu. Anafungua mabano kwa mtindo wake: 25 + h² = h² + 1. Anaondoa h² pande zote mbili na kubakiwa na 25 = 1. Herufi aliyokuwa akiitafuta imetoweka, na mbele yake kuna sentensi ya uongo. Hawezi kusogea. Mwingine ataandika kwamba swali halina jibu. Mwingine atavusha h² upande wa pili bila kubadili alama, apate 2h² = 24, kisha h² = 12. Na hapo pana mtego wa ajabu, kwa sababu jibu la swali ni 12; asiyekuwa makini akiangusha kipeo mwishoni ataandika h = 12 na kulingana na jibu lililo nyuma ya kitabu, akiwa amekosea mara tatu njiani. Wasahihishaji wanaodai kuona hatua zote wana sababu nzuri.

Fungua mabano kwa ukamilifu. (h + 1)² ni h² + 2h + 1. Mlinganyo unakuwa 25 + h² = h² + 2h + 1. h² zinaondoka, kama mwanzo, lakini safari hii inabaki 25 = 2h + 1. Toa 1: 24 = 2h. Kina cha maji ni chi 12, na unyasi ni chi 13. Hakiki: 5² ni 25, 12² ni 144, jumla yake 169, ambayo ni 13².

Angalia kilichotokea. Miraba mikubwa ilifutana. Fungu la kati, lile 2h, ndilo pekee lililobaki limebeba kisichojulikana. Swali zima lilikuwa limekaa ndani yake. Aliyelidondosha hakupata jibu lililopungua kidogo. Alilitupa swali lenyewe nje.

Al-Khwarizmi, mwanazuoni wa Baghdad wa karne ya 9, alilitegemea fungu hilo hilo kwa kurudi nyuma. Mfano wake unaojulikana sana, kwa maandishi ya leo, ni x² + 10x = 39. Aliuchora. Mraba wa upande x, na lile 10x akaligawa kanda mbili sawa, kila moja 5x, akaziweka kwenye pande mbili za mraba. Umbo likabaki na pengo kwenye kona, pengo la 5 kwa 5. Akalijaza kwa 25, na kwa kuwa aliongeza 25 upande mmoja akaongeza na upande wa pili: 39 na 25 ni 64. Mraba mkubwa una eneo la 64, upande wake ni 8, na upande huo ni x + 5. Basi x ni 3. Fungu la kati ndilo lililomwambia ukubwa wa kona. Mwanafunzi anayeamini kwamba (x + 5)² ni x² + 25 hawezi kuifuata njia hii hata hatua moja, kwa kuwa haoni 10x ingetoka wapi. Milinganyo ya aina hii hufundishwa miezi michache tu baada ya kufungua mabano, na mara nyingi mwalimu hudhani somo jipya ndilo gumu, kumbe ni lile kosa la zamani linalodai deni lake.

Tukitoka darasani, fungu la kati lina thamani ya fedha. Tuseme mtu amekopa shilingi 100,000 kwa riba ya asilimia 10 kwa mwaka, na riba isiyolipwa inaongezwa kwenye deni. Baada ya mwaka mmoja deni linazidishwa kwa 1.1, na baada ya miaka miwili kwa 1.1 mara 1.1, ambayo ni (1 + 0.1)². Ukifungua: 1 + 0.2 + 0.01, yaani 1.21. Deni ni shilingi 121,000. Kila fungu lina maana yake. Lile 1 ni fedha iliyokopwa, 100,000. Lile 0.2 la katikati ni riba ya kawaida ya miaka miwili, 10,000 kila mwaka, jumla 20,000. Lile 0.01 ni riba juu ya riba, shilingi 1,000. Anayeacha fungu la kati anapata 101,000. Ameikumbuka shilingi elfu moja ya mwisho na kusahau elfu ishirini, ambayo ndiyo karibu gharama yote ya mkopo. Hali huwa hivi kila mara kitu kidogo kinapoongezwa kwa kikubwa: kipeo cha kile kidogo huwa kidogo mno, na karibu mabadiliko yote hukaa katikati.

Mahali pengine ni ndani ya damu yetu. Ugonjwa wa selimundu, ambao wengi wanauita sikoseli, unatokana na kinasaba ambacho mtoto hurithi kutoka kwa wazazi wote wawili. Kuna kinasaba cha kawaida, A, na kile cha selimundu, S. Kila mzazi humpa mtoto kimoja. Tuseme katika jamii fulani vinasaba 9 kati ya 10 ni A, na 1 kati ya 10 ni S. Mtoto anapokea kimoja kwa baba na kimoja kwa mama, kwa hiyo uwezekano wote unapatikana kwa kuzidisha (0.9 + 0.1) kwa (0.9 + 0.1). Wenye A mbili ni 0.81. Wenye S mbili, ambao ndio wagonjwa, ni 0.01. Katikati wapo wenye A kwa baba na S kwa mama, 0.09, na wenye S kwa baba na A kwa mama, 0.09 nyingine. Jumla ya hao wa katikati ni 0.18.

Katika watu 10,000, hiyo ni watu 8,100 wasio na kinasaba cha S, wagonjwa 100, na watu 1,800 walio wabebaji. Hao 1,800 kwa kawaida hawaumwi, na wengi hawajui hali yao. Lakini wabebaji wawili wakioana, kila mimba ina uwezekano wa moja kati ya nne wa kuleta mtoto mwenye S mbili. Ukiliacha fungu la kati unabaki na watu 8,200, na waliopotea kwenye hesabu ni walewale ambao huduma ya kupima damu kabla ya kupata watoto inawatafuta.

Hesabu hii ilielezwa mwaka 1908 na watu wawili, kila mmoja kwa njia yake: mwanahisabati Mwingereza Godfrey Hardy, na daktari Mjerumani Wilhelm Weinberg. Ina masharti. Inadhani watu wanaoana bila kuchaguana kwa kinasaba hicho, na kwamba wa aina zote tatu wana nafasi sawa ya kuishi na kuzaa. Kwa selimundu sharti la pili halitimii. Daktari Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alichunguza damu za watu wa Afrika Mashariki na mwaka 1954 akachapisha ushahidi kwamba wabebaji wana kinga ya kiasi dhidi ya malaria. Ndiyo maana kinasaba cha S kilidumu kwa wingi katika maeneo yenye mbu wa malaria ingawa kilikuwa kikiua watoto. Siri ya kudumu kwake ilikuwa kwa watu wa fungu la kati.

Turudi kwenye daftari, kwenye swali la vitendo: mwanafunzi aliye peke yake mezani, bila mwalimu na bila majibu nyuma ya kitabu, atajuaje kwamba amekosea? Njia iliyo rahisi kuliko zote ni kuweka namba. Achague thamani ya x, aitie kwenye mabano ya mwanzo, kisha aitie kwenye jibu lake. Zikitofautiana, jibu si sahihi, hakuna mjadala. Kwa (x + 3)² akiweka 1 atapata 16 upande mmoja na 10 upande wa pili, na kosa limefichuka kwa sekunde chache.

Ila namba ya kujaribia ichaguliwe kwa akili. Wengi hupenda kuweka 0 kwa kuwa ni rahisi, na 0 ndiyo namba pekee inayolificha kosa hili. (0 + 3)² ni 9, na 0² + 9 ni 9. Zinalingana, na mwanafunzi anaondoka akiwa na uhakika wa uongo. Sababu ni kwamba kilichoachwa ni 6x, na 6x ni sifuri pale tu x inapokuwa sifuri. Kuangalia kama majibu ni shufwa au witiri hakusaidii pia, kwa kuwa ukitumia namba nzima, pengo ni mara mbili ya kitu na kwa hiyo ni shufwa daima. Majibu yote mawili yatakuwa shufwa au yote yatakuwa witiri. 1 na 2 ni namba nzuri za kujaribia. Tena, jaribio hili hukamata jibu baya kwa uhakika lakini halithibitishi jibu zuri kwa namba moja tu, kwa sababu jibu bovu la aina nyingine linaweza kubahatika kwenye namba hiyo. Mwenye shaka aweke mbili au tatu.

Njia ya pili ni kuacha kuruka hatua. Aandike (x + 3)(x + 3) kwa ukamilifu kabla ya kufungua, na asiruke hadi mkono wake umezoea. Mstari huo mmoja wa ziada unamlazimisha kuona mabano mawili, na aliyeona mabano mawili ni shida kusahau mazidisho ya katikati. Utaratibu huu unamsaidia hasa pale x ina namba mbele yake. Kwa (2x + 3)², anayetegemea kumbukumbu huandika 4x² + 6x + 9, akiwa amezidisha 2x kwa 3 mara moja tu. Anayeandika (2x + 3)(2x + 3) anaona 6x ikitokea mara mbili, na anapata 4x² + 12x + 9.

Kosa hili lina ndugu yake anayejitokeza baadaye, kwenye vipeuo. Kipeuo cha pili cha 9 + 16 ni kipeuo cha 25, yaani 5. Anayekigawa kwa kila mmoja atapata 3 + 4, yaani 7. Ni imani ile ile kwamba alama ya nje inaweza kugawiwa kwa waliojumlishwa ndani, na dawa yake ni ile ile ya kuweka namba na kulinganisha. Aliyeponywa kwa kukariri fomula ya mabano tu ataangukia hapa, kwa sababu fomula haikumwambia kwa nini.

Kwa hiyo ombi ni kwa wanaosahihisha, wawe walimu, wazazi au kaka na dada wanaowasaidia wadogo zao jioni. Mkiona x² + 9, msiishie kuandika 6x kwa kalamu nyekundu. Mwambieni mtoto aweke 1 mahali pa x, pande zote mbili, akiona 16 na 10 mpeni karatasi achore mraba wenye upande wa x + 3, na mwacheni aandike mwenyewe eneo la kila kipande kati ya vile vinne.